Sanduku Lililopumua

Simu ililia saa kumi kasorobo jioni, na sauti upande wa pili ilikuwa ya karani wa bohari ya kampuni ya usafirishaji, mtu ambaye siku zote huzungumza kwa upole wa kuchosha. Siku hiyo upole ulikuwepo, lakini ulikuwa ukitetemeka. "Samahani, bwana," alisema, "ule mzigo wako ulioletwa sasa hivi unapumua."

Nilimwomba arudie. Alirudia, akaongeza kwamba kifuniko kinapanda polepole, kisha panasikika mlio kama wa mtu anayevuta hewa kwa kati ya meno, kisha kifuniko kinashuka kidogo na kuanza kupanda upya. Aliniuliza kama nimeweka humo kitu chenye uhai. Nikamjibu kwamba ni minofu ya samaki, kilo 12, na kwamba samaki wenyewe walishakufa, wakapasuliwa na kutolewa mifupa. Akanyamaza, halafu akauliza kwa dhati kabisa, "Una hakika?"

Ili msomaji anielewe, inafaa nieleze jinsi mtu mwenye akili timamu anavyofika hapo.

Mimi na dada yangu mkubwa huuza samaki wabichi, na wiki hiyo mpishi mmoja wa mji wa mbali alikuwa ameagiza minofu kwa ajili ya karamu ya Jumamosi. Masharti yake yalikuwa mawili na hayakuwa na mjadala: mzigo umfikie Ijumaa kabla ya saa kumi jioni, na kipimajoto chake kikichomekwa katikati ya mnofu kisisome zaidi ya nyuzi 4. Zamani tulizoea kupakia samaki kwa barafu ya kawaida iliyosagwa, ambayo kwa samaki mbichi ni nzuri sana kwa sababu huyeyuka kwenye nyuzi 0, nao samaki huanza kuganda chini kidogo ya hapo, kwa hiyo huwaweka baridi pasipo kuwagandisha. Kasoro yake ni maji. Mzigo wetu uliotangulia ulikuwa umevuja juu ya shehena ya mtu mwingine, nasi tukaandikiwa barua kwamba sanduku lolote litakalovuja halitapokewa tena.

Ndipo nilipogundua barafu kavu. Nasema "nilipogundua" kwa sababu siku hiyo nilijihisi kama mvumbuzi, ingawa kitu chenyewe kimetumika kwa vizazi. Barafu kavu ni hewa ya ukaa iliyogandishwa. Baridi yake ni nyuzi 78 chini ya sifuri, na ikipata joto haiyeyuki kuwa maji, bali hugeuka moja kwa moja kuwa hewa. Haina maji, kwa hiyo haivuji. Nami nilifikiri hivi: ikiwa nyuzi 0 ni nzuri kwa samaki, nyuzi 78 chini ya hapo haziwezi kuwa mbaya.

Nilinunua kilo 6. Nilichukua sanduku la povu, nikatandika ndani yake mfuko mnene wa plastiki, nikapanga vipande vya barafu kavu chini, nikalaza minofu juu yake, nikaukusanya mdomo wa mfuko na kuufunga fundo ambalo baharia angelionea wivu. Nikafunika kifuniko, nikakizungushia mkanda wa gundi pande zote, kisha nikaliviringisha sanduku zima kwa plastiki ya kufungia, mizunguko mitatu, ili baridi isipate hata tundu la sindano la kutorokea. Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni akinitazama. "Mdogo wangu," alisema, "hivi hiyo hewa itatokea wapi?"

Nilimjibu kwamba nia yangu hasa ni isitoke.

Juu ya sanduku niliandika kwa kalamu nene: USIFUNGUE. Sikuandika kwamba ndani mna barafu kavu, wala uzito wake, jambo ambalo wasafirishaji hulidai na ambalo ningelijua kama ningesoma kanuni walizoniambatanishia kwenye ile barua ya kuvuja. Dereva alilichukua saa tisa na dakika kumi, nami nikaenda kuoga.

Sasa hesabu. Kilo moja ya barafu kavu ikigeuka yote kuwa hewa hujaza takriban lita 500. Kilo zangu 6 zilikuwa zinaahidi lita 3,000, nami nilikuwa nimezifungia ndani ya sanduku lenye nafasi ya lita 40, ambayo sehemu yake ilikwishachukuliwa na samaki. Kama barafu hiyo ingekaa peke yake, ingetoa hewa polepole, kwa kuwa povu huchelewesha joto la nje kuingia. Lakini mimi niliilazia samaki moja kwa moja. Samaki wa nyuzi 0 kwetu sisi ni baridi. Kwa kitu cha nyuzi 78 chini ya sifuri, samaki huyo ni jiko linalowaka. Kila mnofu uliokuwa ukiganda ulikuwa unatoa joto lake kwa barafu, na barafu ilikuwa inalijibu kwa hewa. Fundo langu likaushika ule mfuko, mfuko ukafura, mfuko ukasukuma kifuniko, mkanda wa gundi ukavutika hadi ukaachia upenyo mdogo, hewa kidogo ikatoka kwa mlio, upenyo ukajifunga. Hiyo ndiyo pumzi aliyoisikia karani.

Haya yote niliyajua baadaye. Wakati ule nilimwambia tu, "Lisogezeni kando, nakuja," na kabla sijakata simu nikasikia mlipuko. Haukuwa mkubwa, ulikuwa kama wa gurudumu la baiskeli lililopasuka. Kilichokuwa kikubwa ni kelele zilizofuata.

Nilipofika niliwakuta wafanyakazi wote wamesimama nje na milango ya bohari imefunguliwa wazi pande zote mbili. Nilielezwa kwamba kifuniko kiliruka mpaka kwenye dari, ukungu mweupe ukamwagika kutoka kwenye sanduku na kutambaa sakafuni, na kijana mmoja shupavu, akidhani ni moshi, akakimbilia kizimamoto na kulipulizia sanduku langu mpaka kikaisha. Kizimamoto hicho kilikuwa cha hewa ya ukaa. Kwa maneno mengine, kijana alilikabili ongezeko la hewa ya ukaa kwa kuiongezea hewa ya ukaa.

Aliyeokoa hali ni msimamizi wao, mzee mkimya, ambaye alipoona ukungu unakwenda chini badala ya kupanda alitambua mara moja ni nini, akawatoa watu nje. Hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama mabondeni na kwenye pembe, na mtu akiinama ndani yake kuokota mnofu anaweza asiinuke. Kilo 6 katika bohari pana yenye milango wazi si balaa. Kilo hizohizo nyuma ya gari dogo lililofungwa vioo, dereva akiwa ndani, ni habari nyingine kabisa. Mzee aliniambia hayo kwa sauti ya chini, na ile sauti ya chini iliniumiza kuliko kama angenifokea.

Kisha tukawaangalia samaki. Safu ya chini ilikuwa imeganda kama mbao. Mzee aligonga mnofu mmoja juu ya meza nao ukalia ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi. Safu ya kati ilikuwa imeganda nusu, na hii ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi, kwa sababu nyama inayoganda polepole hufanya chembe kubwa za barafu ndani yake, nazo huchana nyuzi za nyama, hata ikiyeyuka hutoa maji na kuwa laini kama sponji. Safu ya juu, iliyobaki wazi baada ya kifuniko kuondoka, ilikuwa imefika nyuzi 9. Kwa hiyo ndani ya sanduku moja nilikuwa na samaki walioganda, walioharibika na waliopashwa joto, wala sikuwa na hata mmoja aliyefaa kuitwa mbichi.

Gari la usiku lilikuwa linaondoka saa nne. Nilimpigia dada simu aandae kilo nyingine 12 kutoka kwenye chumba cha baridi, naye, kwa huruma zake, aliniuliza swali moja tu: "Ilitokea wapi?" Nikamwambia ilitokea juu.

Mzee alinielekeza namna ya kupakia, nasi tukafanya kama alivyosema. Alisema sanduku la ukubwa wangu, kuta zake zikiwa za sentimita 3, siku yenye joto la nyuzi 30 nje, hula karibu kilo 10 za barafu kwa saa 24. Kuta zikiwa za sentimita 5 hula karibu kilo 6. Tukachukua la sentimita 5. Badala ya barafu tulitumia pakiti za jeli zilizogandishwa, ambazo ubaridi wake ni kama wa barafu ya kawaida na maji yake hayatoki mfukoni. Safari iliahidiwa kuwa ndani ya saa 24, lakini mzee alikataa kupakia kwa saa 24. Alisema ahadi ni ya gari, na gari huharibika, kwa hiyo tuhesabu saa 36, yaani kilo 9 za jeli. Nyingi tuliziweka juu ya samaki, kwa kuwa baridi hushuka, na chache ubavuni, zikitenganishwa na minofu kwa karatasi nene. Nafasi iliyobaki tuliijaza karatasi zilizokunjwa. Pia alinifundisha kwamba saa za mzigo zinaanza kuhesabiwa kifuniko kinapofungwa, si gari linapoondoka. Nikaandika ubavuni: limefungwa saa tatu usiku.

Kesho yake nilikaa na simu mkononi. Mpishi nilikuwa nimemweleza kisa chote asubuhi, kwani mtu akichelewa kumwambia mteja, wengine humwambia. Saa nane na robo mchana akapiga.

"Mzigo umefika," alisema. "Nimechomeka kipimajoto, kinasoma 2. Minofu ni safi, haina neno." Nikamshukuru. Alionekana ana jambo lingine la kusema, akakohoa kidogo. "Ila, bwana, hili sanduku lako limenyamaza mno. Nimeliwekea sikio mara mbili kabla ya kulifungua."