Onyesho Peke Yake Halitoshi: Mdau Aondoke na Nini Kwenye Tathmini ya Sprinti

Timu inayofuata Skramu, utaratibu wa kufanya kazi kwa vipindi vifupi vinavyoitwa sprinti, hufunga kila sprinti kwa vikao viwili. Kwanza huja tathmini ya sprinti, ambako wadau hualikwa; kisha huja kikao cha tafakuri, ambacho ni cha timu yenyewe. Kikao hicho cha pili hakina utata mkubwa. Mvutano upo kwenye kile cha kwanza: wapo wanaokichukulia kuwa onyesho la vipengele vipya, na wapo wanaotaka kitumike pia kuwaeleza wadau kwa nini kazi fulani imechelewa na nani alikwama wapi. Kila upande una hoja, ila pande zote mbili huisahau kazi ambayo tathmini iliwekewa.

Wanaotetea onyesho wana haki yao. Programu inayofanya kazi mbele ya macho humwambia mdau mambo ambayo ripoti haiwezi kumwambia, na timu inayojua kwamba italazimika kuonyesha kitu kinachofanya kazi huwa makini zaidi. Hata hivyo, Mwongozo wa Skramu wa mwaka 2020, ulioandikwa na Ken Schwaber na Jeff Sutherland, unakiita kikao hiki kikao cha kazi na kuitahadharisha timu isikifanye kuwa wasilisho tu. Kwa sprinti ya mwezi mmoja umekipa hadi saa 4, wakati tafakuri imepewa hadi saa 3. Muda huo haukutengwa kwa ajili ya kubofya vitufe.

Tuchukue timu inayotengeneza mfumo wa mauzo ya mtandaoni, yenye sprinti za wiki 2, ambayo katika sprinti hii iliahidi kwamba mhudumu wa wateja ataweza kumrejeshea mteja fedha bila kupitia ofisi ya uhasibu. Siku ya tathmini, msanidi anafungua kompyuta yake, anachagua oda yenye data za kubuni, anabofya, na ujumbe unatokea kwamba fedha zimerejeshwa. Watu wanapiga makofi. Ambacho hakijasemwa ni kwamba mawasiliano na kampuni ya malipo bado ni ya kuigiza, hakuna kumbukumbu ya ukaguzi inayoonyesha nani aliidhinisha, na mhudumu yeyote anaweza kurejesha kiasi chochote bila ukomo. Mkuu wa huduma kwa wateja anarudi ofisini na kuwatangazia watu wake kwamba huduma iko tayari.

Hapa ndipo onyesho linapofanya madhara makubwa, na bila mtu yeyote kusema uongo. Skrini haina namna ya kutofautisha kazi iliyokamilika na kazi iliyobakiza nusu. Zote mbili hung'aa sawa. Mdau anayeona kitufe kikifanya kazi hawezi kukisia kilichopo nyuma yake, na wala si wajibu wake kukisia. Sprinti inayofuata timu itakuwa inamalizia kitu ambacho wadau wanaamini kiliisha, kwa hiyo muda huo wote utaonekana kuwa uzembe, na makadirio ya timu hayataaminiwa tena. Ndiyo sababu mwongozo umeweka sharti ambalo wengi huliona kali: kazi isiyotimiza kigezo cha ukamilifu haitolewi kwa watumiaji, wala haiwasilishwi kwenye tathmini, bali hurudi kwenye orodha ya kazi za bidhaa. Kwangu mimi sharti hilo ni heshima kwa mdau.

Kikao hicho hicho kingeweza kwenda vingine. Mmiliki wa bidhaa, yaani mwanatimu anayeipanga orodha hiyo ya kazi, anaanza kwa kulitaja lengo la sprinti, kisha anasema waziwazi kwamba vipengele 5 vimekamilika, na kwamba urejeshaji wa fedha uliofikiwa ni wa oda nzima, kupitia kampuni ya malipo yenyewe katika mazingira ya majaribio. Ukomo wa kiasi haujakamilika na umerudi kwenye orodha, kwa hiyo huduma haitafunguliwa bado. Mkuu wa huduma kwa wateja anakabidhiwa kibodi na kuombwa ashughulikie malalamiko ya kawaida. Anatafuta oda yenye bidhaa tatu, anataka kurejesha fedha ya moja tu, na mfumo haumpi nafasi hiyo. Anasema, "Sehemu kubwa ya malalamiko tunayopokea ni ya namna hii." Sentensi hiyo ina thamani kuliko makofi yote, kwa sababu inaigusa orodha ya kazi moja kwa moja.

Mazungumzo yanahamia kwenye makadirio. Katika sprinti tatu zilizopita timu ilikamilisha vipengele 4, 6 na 5, na kabla ya toleo vimebaki 18. Kwa kasi hiyo zinahitajika sprinti 3 hadi 5, yaani wiki 6 hadi 10. Urejeshaji wa sehemu ya oda unakadiriwa kuongeza vipengele 3, jumla iwe 21, na makadirio yasogee hadi sprinti 4 hadi 6, yaani wiki 8 hadi 12. Mmiliki wa bidhaa anauliza kama ripoti ya mauzo ya kila wiki, ambayo nayo ina vipengele 3, inaweza kusubiri toleo lijalo. Wadau wanajadiliana na kukubali, naye anaipanga upya orodha mbele yao. Wanaondoka wakijua nini kimekamilika na nini hakijakamilika, toleo linatazamiwa lini, na kwamba wameiweka kando ripoti ili wasiongeze wiki mbili. Makadirio yenyewe yana mipaka: vipengele vikitofautiana mno kwa ukubwa, kuvihesabu hakutasaidia, na kwa sprinti tatu tu masafa hayo ni ya kuongozea uamuzi, si ahadi.

Na sababu za kuchelewa kwa ukomo wa kiasi, je? Wanaotaka zielezwe hapo hapo husema kwamba uwazi hujenga imani, na kwamba anayelipia kazi ana haki ya kujua. Hoja hiyo ina uzito, hasa pale ambapo chanzo cha tatizo ni wadau wenyewe. Tuseme ofisi ya fedha iliidhinisha viwango vya ukomo siku ya nane ya kazi kati ya kumi: jambo hilo ni la tathmini, nalo liletwe kama ombi, kwamba viwango vya urejeshaji wa sehemu viidhinishwe kabla sprinti ijayo haijaanza. Lakini tuseme pia kwamba msimbo ulikaa siku mbili bila kupitiwa, au msanidi mgeni alikwama akaona haya kuuliza. Hayo hayatasemwa kwa ukweli mbele ya mtu anayeamua mikataba ya watu. Yatasemwa kwa maneno laini, na timu itaingia kwenye tafakuri ikiwa imeshajitetea hadharani, jambo linaloifanya iwe vigumu kukiri chochote. Mdau anahitaji tokeo na athari yake kwenye mpango; chanzo kilichomo ndani ya timu kitamfikia sprinti ijayo, kikiwa kimegeuka kazi inayokamilika kwa wakati.

Njia rahisi ya kupima ni kumuuliza mdau kesho yake, kwa ujumbe mfupi, nini hakikukamilika na nini kimebadilika kwenye mpango. Akijibu kwa kusifia mwonekano wa skrini, basi alihudhuria onyesho, na mmiliki wa bidhaa ampigie siku hiyo hiyo, kabla hajawaahidi watu wengine.