Sera ya wafichuzi haivuki bahari ikiwa nzima

Kampuni ya Kenya ambayo mmiliki wake yuko Ulaya mara nyingi hutumiwa sera ya wafichuzi, yaani wafanyakazi wanaoripoti maovu kazini, kutoka makao makuu. Jina la kampuni linabadilishwa, nambari ya simu ya kuripoti inawekwa mpya, mkurugenzi anatia sahihi. Kwa maoni yangu hapo ndipo wafanyakazi wa Kenya wanapoachwa wazi. Si kwamba sera yenyewe ni mbaya. Iliandikwa ikiegemea ukuta wa sheria, na ukuta huo haukusafirishwa pamoja nayo.

Huku Ujerumani sera inaweza kuwa na kurasa nne tu na bado ifanye kazi. Sheria ya kuwalinda wafichuzi iliyoanza kutumika Julai 2023, kwa kufuata agizo la Umoja wa Ulaya la 2019, inaitaka kila kampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi kuwa na njia ya ndani ya kuripoti. Mfichuzi lazima ajulishwe ndani ya siku 7 kwamba taarifa yake imefika, na ndani ya miezi 3 baada ya hapo aambiwe hatua zilizochukuliwa. Lenye uzito kuliko yote ni hili: akishushwa cheo au akikatwa marupurupu na kudai kwamba ni kwa sababu aliripoti, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu nyingine halali. Kwa hiyo sera ikisema tu "kulipiza kisasi ni marufuku", sentensi hiyo fupi ina mahakama nyuma yake.

Nyumbani Kenya sentensi hiyohiyo ina msaada mdogo zaidi. Sheria ya Hongo ya 2016 inakataza kumshusha cheo, kumfukuza, kumhamishia mahali pabaya au kumtisha aliyetoa taarifa, na adhabu yake ni faini ya hadi shilingi milioni 1, kifungo cha hadi mwaka 1, au vyote viwili. Lakini hiyo ni sheria ya hongo. Aliyeripoti mashine isiyo na kinga au vipimo vya maabara vilivyoghushiwa hawezi kuitegemea. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inamtaka mwajiri athibitishe sababu ya kumwachisha mtu kazi, na hilo ni jambo zuri. Ila kisasi mara nyingi hakifiki kwenye kuachishwa. Mtu anaondolewa kwenye zamu za usiku zenye malipo ya ziada, anapewa alama duni za tathmini, au mkataba wake wa mwaka mmoja unaisha kimya kimya bila kuongezwa.

Chukua kampuni ya watu 60, yenye stoo ya watu wanne. Karani mmoja anaripoti kwamba msambazaji fulani analipwa mifuko 200 kwa ankara moja, ilhali daftari la stoo linaonyesha ilipokelewa 140. Hakuandika jina lake. Mpokeaji wa taarifa, kwa nia njema kabisa, anamtumia mkuu wa fedha nakala yake, na siku inayofuata mchunguzi anakwenda stoo kuomba ankara ileile na daftari la wiki ileile. Kufikia jioni meneja wa ununuzi anajua aliyesema, kwa sababu ni watu wawili tu wanaoshika daftari hilo.

Siri haikuvuja kupitia jina. Ilivuja kupitia yaliyomo. Sera nyingi huahidi kuficha jina na kuishia hapo. Inayofaa inaagiza mambo mawili. Kwanza, taarifa asili ibaki kwa mpokeaji na msaidizi wake aliyetajwa kwa cheo. Wengine wapewe muhtasari ulioandikwa upya, usio na tarehe ya tukio, maneno ya mfichuzi mwenyewe wala jambo ambalo mtu mmoja tu angeweza kuliona. Pili, mchunguzi aombe rekodi kwa upana. Katika mfano wetu angechukua ankara, hati za upokeaji na daftari za miezi sita za wasambazaji watatu, kama ukaguzi wa kawaida wa stoo. Kazi inaongezeka, ndiyo. Lakini pia ndivyo inavyojulikana kama mifuko 60 iliyopotea ni kosa la siku moja au ni mtindo. Na mahojiano yaanze na watu wa stoo wote wanne, kwa maswali yaleyale, kabla ya kumgusa meneja. Akihojiwa mfichuzi peke yake, ametajwa.

Ratiba ya Ulaya nayo ina mtego. Miezi 3 inasomeka kama muda wa kutosha kuchunguza taratibu. Sasa tuseme karani ameongeza kwamba msambazaji humpa meneja bahasha. Hiyo ni shuku ya hongo, na Sheria ya Hongo inamtaka mtu mwenye mamlaka katika taasisi, ya umma au ya binafsi, kuiripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, ndani ya saa 24. Kampuni inayofuata sera iliyonakiliwa inaweza kuvunja sheria ya Kenya huku ikiamini inatii kanuni. Kwa hiyo hatua ya kwanza baada ya kupokea taarifa iwe kuichambua siku hiyohiyo: je, kuna hongo ndani yake? Sera imtaje mwenye jukumu la kuamua, na anayeshika nafasi yake asipokuwepo.

Kuhusu kisasi, kwa kuwa ukuta haupo, sera ijijengee wake. Haiwezi kuilazimisha mahakama, lakini inaweza kuwafunga mameneja wa kampuni. Iandikwe wazi kwamba mtu aliyeripoti akipata pigo lolote kazini ndani ya miezi 12, aliyefanya uamuzi ndiye atakayeonyesha kwa maandishi sababu yake. Ili hilo liwezekane, siku taarifa inapopokewa mpokeaji ahifadhi hali ya mfichuzi anayemjua: mshahara, zamu, alama za tathmini ya mwisho, tarehe ya mwisho wa mkataba. Kisha alinganishe baada ya siku 30, 90 na 180, na tena mwaka ukiisha. Bila picha ya mwanzo hakuna wa kuonyesha kwamba kuna kilichobadilika.

Hapa waandishi wengi wa sera hujikwaa. Wanaandika kwamba kila hatua dhidi ya mfichuzi iidhinishwe kwanza na kamati. Afisa wa rasilimali watu akirudishiwa barua moja tu ya uhamisho kati ya kumi, amekwisha kuelewa. Kinga hiyohiyo imemfichua. Idhini iwe kwa idara nzima: katika miezi hiyo 12, uhamisho wowote, adhabu yoyote na mkataba wowote usioongezwa katika stoo na ununuzi upitie kwa mpokeaji, uwe wa mfichuzi au wa mwingine. Na ili upitiaji huo usiwe ishara kwamba kuna aliyeripoti, uwekwe kuwa utaratibu wa kudumu katika idara zinazogusa fedha, hata pasipo taarifa yoyote.

Mikataba ya muda mfupi inastahili kifungu chake. Mkataba wa karani ukiisha mwezi wa nne, hakuna barua ya kufukuzwa wala kesi rahisi ya kisasi. Sera iseme kwamba meneja anayetuhumiwa hashiriki kuamua nani aongezewe mkataba, na kwamba sababu ya kutomwongezea yeyote iandikwe angalau siku 30 kabla ya mkataba kuisha, wakati bado kuna muda wa kuihoji.