Saini za Roma zilitanguliwa na nini?

"Viongozi wakuu wakishatia saini, amani hushuka yenyewe hadi vijijini." Msumbiji inaonyesha vingine. Rais Chissano na Dhlakama, kiongozi wa waasi wa RENAMO, walitia saini Roma mkataba wa kumaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe tarehe 4 Oktoba 1992, lakini mazungumzo yalikuwa yameanza Julai 1990, na waliowakutanisha walikuwa watu wa ngazi ya kati: Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira na Sant'Egidio, jumuiya ya Wakatoliki walei ya Roma. Kiongozi wa juu hufungwa na kauli zake za hadharani. Akilegeza msimamo huonekana amesalimu amri. Mtu wa kati hana jeshi wala cheo cha kulinda, kwa hiyo anaweza kupeleka pendekezo kimyakimya, likikataliwa hakuna aliyeaibika. Nguvu yake hiyo hupotea siku upande mmoja ukimwona kuwa mjumbe wa upande wa pili, na dalili yake ni kwamba hapokelewi tena bila ruhusa kutoka juu. Saini ilisimamisha bunduki, naam, na bila wakuu hao wawili askari wasingekusanywa kambini. Ila haikumweleza mwanakijiji aishi vipi na kijana aliyerudi kutoka msituni. Kazi hiyo ilifanywa na waganga wa jadi na familia, kwa matambiko ya kuwatakasa wapiganaji kabla ya kuwapokea, na hakuna kifungu cha mkataba kilichowaagiza. Je, katika mkataba mnaoufuatilia ninyi, nani anapeleka habari za kijijini hadi mezani?