Kipimo hasi, dawa zimeanza: kwa nini TB ya ubongo haisubiri majibu

"Mdogo wangu amelazwa wiki ya pili sasa. Maji ya mgongo yamepimwa TB, jibu hasi, ila daktari amemwanzishia dawa za TB za mwaka mzima. Huko si kubahatisha? Si wangesubiri kwanza majibu ya kuotesha vimelea?"

Dada, hofu yako ina msingi, nami nitaifikia. Lakini tuanze na hilo neno hasi, maana ndilo linalopotosha wengi, wakiwemo wenzangu wa wodini.

Mdudu wa TB ya mapafu ndiye huyo huyo wa TB ya utando wa ubongo. Tofauti ni wingi wake. Katika makohozi ya mgonjwa wa mapafu aliyezidiwa, wadudu huhesabiwa kwa mamilioni katika kila mililita. Kwenye maji ya mgongo wanaweza kuwa wawili watatu tu, kwa sababu wengi wamekwama ndani ya ute mzito unaogandamana chini ya ubongo. Ili mtu wa maabara amwone mdudu kwa hadubini, anahitaji kama 10,000 katika mililita moja. Mashine ya GeneXpert, kwa katriji yake mpya iitwayo Ultra, hunasa hata wakiwa kama 16. Ni hatua kubwa mno. Ila kama maji ya mdogo wako yana wadudu 3 kwa mililita, na maabara ilipelekewa mililita moja tu, mashine itasema hasi. Haitakuwa imekosea, na mgonjwa atakuwa na TB vile vile.

Ndiyo maana kiasi kinachotolewa kina uzito. Mtu mzima anaweza kutolewa mililita 8 hadi 10 bila madhara, kwani mwili hutengeneza karibu nusu lita ya maji hayo kila siku. Maabara huyazungusha kwenye sentrifuji, ikamwaga ya juu na kupima mashapo yaliyobaki chini. Hapo wale watatu watatu wa kila mililita wanakuwa wamekusanywa pamoja. Mara nyingi sana hili halifanyiki. Matone machache yanagawanywa kati ya kuhesabu chembe, sukari, protini na bakteria, na kinachobaki ndicho kinachopelekwa kwenye TB.

Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanyika Mbarara, Uganda, kwa watu wazima wenye VVU. Ultra ilinasa wagonjwa kama 7 kati ya 10 waliokuwa na TB ya ubongo ya hakika au ya kukaribia hakika. Miaka miwili baadaye, huko Vietnam, katriji hiyo hiyo ilinasa chini ya nusu. Tuchukue hiyo ya Uganda, iliyo nzuri zaidi, tupige hesabu. Wanaletwa wagonjwa 100 ambao dalili na maji yao vinaelekea TB, na tuseme 70 kati yao wanayo kweli. Mashine itawapata 49. Wanaobaki na karatasi ya hasi ni 51, na ndani yao wamo 21 wenye TB ya ubongo. Yaani katika kila watu 10 walioambiwa hasi, 4 wana ugonjwa ambao usipotibiwa karibu wote hufa. Hesabu hii nimeirudia mara nyingi kitandani kwa wagonjwa, na kila mara huniishia pale pale: siwezi kuwarudisha nyumbani watu 51 kwa sababu 30 kati yao pengine hawana.

Majibu ya kuotesha nayo huchukua wiki 2 hadi 6, na hata yakija, sehemu kubwa ya wenye ugonjwa haioti kitu. Kwa hiyo anayesubiri anaweza kufikia wiki ya sita akiwa bado hana jibu.

Basi daktari anaegemea nini? Nitakupa mgonjwa wa mfano, wa aina tunayoizoea. Mama wa miaka 31, muuza samaki, kilo 52. Wiki ya kwanza ana homa za jioni, kichwa kinauma, chakula hakipandi. Anatibiwa malaria. Wiki ya pili kichwa hakijaacha, anatapika asubuhi, anapewa dawa za taifodi. Siku ya 15 ndugu wanaona amebadilika: anajibu kwa ukali, anasahau bei za samaki anaowauza kila siku, usiku anaongea peke yake. Anapelekwa kwenye maombi. Siku ya 18 jicho moja limegeukia upande wa pua, anaona vitu viwili viwili, shingo imekaza, na ukimwita anachelewa kukuitikia. Hapo ndipo anafika hospitali.

Mwendo huo wa polepole ni ushahidi wenyewe. Homa ya uti wa mgongo ya bakteria wa kawaida humwangusha mtu kwa saa au siku mbili tatu. Daktari Thwaites na watafiti wenzake huko Vietnam walipotafuta, mwaka 2002, ni vitu gani vinavyotenganisha magonjwa haya mawili kabla ya majibu ya maabara, siku 6 au zaidi za kuumwa kilikuwa kimoja wapo, na ndicho pekee kilichovuta moja kwa moja upande wa TB. Jicho kugeukia puani nako kuna maelezo: mshipa wa fahamu unaolivuta nje unapita chini ya ubongo, pale pale ute unapogandamana.

Akatolewa maji ya mgongo, baada ya ndugu kubishana nusu siku kwamba "ukitolewa maji unapooza". Yalitoka angavu kama maji ya kunywa. Chembe nyeupe 180 kwa kila milimita ya ujazo, na katika kila 100, 85 ni za aina iitwayo limfositi. Protini gramu 2.1 kwa lita, wakati ya kawaida haifiki hata nusu gramu. Sukari milimoli 1.4, huku ya damu iliyochukuliwa saa hiyo hiyo ikiwa 6.2. Hiyo sukari ya damu ndiyo watu husahau kuichukua, na bila hiyo ile 1.4 huwezi kuipima vizuri. Hapa ni chini ya robo, nasi huanza kushtuka ikishuka chini ya nusu. Virusi kwa kawaida haviili sukari hivyo, na bakteria wa kawaida huleta maji ya ukungu yenye chembe nyingi zaidi za usaha. Chupa iliyobaki ikaachwa wima kwenye kichanja usiku kucha. Asubuhi ndani yake kulikuwa na utando mwembamba ulioning'inia kama wa buibui. Hilo si la kila mgonjwa, ila ukiliona hulisahau.

Sasa huyu Ultra ikasema hasi. Kipimo cha VVU hasi, kuvu wa kriptokokasi hasi, bakteria hawakuonekana. Akaanzishwa dawa nne za TB siku ile ile, pamoja na deksamethasoni kama miligramu 20 kwa siku, ya kupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, ili kutuliza uvimbe. Majibu ya kuotesha yalikuja baadaye sana, na hayakuota kitu. Mwezi wa tatu jicho lilikuwa limerudi na mama anajua bei zake.

Haraka yote hii ni kwa sababu ya ule ute. Unaziba njia za maji, kichwa kinajaa shinikizo. Mishipa ya damu inayopita ndani yake inavimba na kuziba, mgonjwa anapata kiharusi akiwa kitandani anasubiri karatasi. Sehemu ya ubongo iliyokufa hivyo, dawa hairudishi. Mgonjwa anayeanza dawa akiwa na akili timamu ana nafasi kubwa ya kupona, ila anayeanza akiwa hajitambui ana nafasi ya nusu kwa nusu au chini ya hapo. Kati ya hali hizo mbili mara nyingi ni siku chache tu, na ndizo siku ambazo kusubiri kungezitumia.

Nirudi kwenye hofu yako, maana wale 30 wa ile hesabu ni watu pia. Wanameza kwa mwezi baada ya mwezi dawa wasizozihitaji. Isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zote zinaweza kuumiza ini. Rifampisini hupunguza nguvu ya dawa nyingine, zikiwemo za VVU na vidonge vya uzazi wa mpango. Tena bila mdudu mkononi hujui kama ni sugu, kwa hiyo unaweza kuwa unatibu kwa dawa asizozisikia. La kuniuma zaidi ni kwamba lebo ya TB ikishabandikwa, wodi huacha kufikiri. Kuvu wa kriptokokasi huja polepole vile vile, tena huku kwetu kwa wenye VVU ni wengi, na wanatibiwa kwa dawa tofauti kabisa. Kipimo chake hutoa jibu kwa dakika kama 10. Kuanza dawa za TB bila kukifanya ni kosa, na nimeliona likifanyika.

Wapo wanaosema basi tujaribu dawa siku tatu, asipopata nafuu tuache. Mimi siafiki. TB ya ubongo hujibu polepole, na wengine huzidiwa kwanza hata kwa dawa sahihi. Upande wa pili, deksamethasoni inaweza kushusha homa na maumivu ya ugonjwa mwingine ukadhani dawa za TB zinafanya kazi. Siku ya tatu haithibitishi wala haikanushi kitu. Kinachotosha kusimamisha ni ugonjwa mwingine uliopatikana kwa ushahidi, na huo unapaswa kuendelea kutafutwa huku dawa zikimezwa.

Kwa hiyo mimi namuunga mkono daktari wa mdogo wako, kwa sharti kwamba bado anatafuta. Kesho muulize kama kriptokokasi na VVU vimepimwa, na kama kuna mpango wa kurudia maji ya mgongo, safari hii mililita 10 za kupelekwa TB. Siku za mwanzo za dawa bado wadudu wanaweza kupatikana, hivyo hamjachelewa. Uliza pia kama amepigwa picha ya kifua na kupimwa makohozi, maana mara nyingine mdudu aliyekosekana mgongoni hupatikana mapafuni. Na ukiona macho yake yamekuwa ya njano, au ameanza kutapika upya na mkojo umekuwa kama chai ya rangi, usingoje raundi ya asubuhi. Mwite nesi usiku huo huo.