Ada ya warsha: tuanze na 12,500 au tuseme 17,400?

"Mwalimu, tangazo letu la warsha linasema ada ni shilingi 12,500 lakini ukijumlisha kila kitu mtu analipa 17,400. Nimeambiwa niliandike upya. Bosi anasema tukiweka 17,400 juu, watu watakimbilia kwa wenzetu. Nifanyeje?"

Nimelisoma tangazo lenyewe. Ni fupi: "Warsha ya siku mbili ya kuweka hesabu za biashara. Ada 12,500 pekee! Hoteli ya kifahari jijini Nairobi. Wiki ya pili ya Machi. Cheti kinachotambuliwa kimataifa. Masharti kuzingatiwa." Masharti yenyewe yako kwenye fomu ya kujisajili: cheti 1,500, kitabu cha mazoezi 1,000, kisha VAT ya asilimia 16 juu ya vyote. Hizo ni 15,000, ongeza 2,400.

Bosi wako ana hoja, na si vizuri kuipuuza. Matangazo haya husomwa kwenye simu, mawili matatu kwa pamoja, na jicho hutafuta tarakimu kabla ya kitu kingine chochote. Mwenye kuandika 17,400 akiwekwa kando ya mwenye kuandika 12,500 ataonekana ghali hata kama wote wawili watalipwa sawa mwishoni. Tena kampuni iliyosajiliwa kwa VAT kwa kawaida hudai kodi hiyo inapowasilisha hesabu zake KRA, kwa hivyo gharama yake halisi ni 15,000. Mhasibu wa kampuni kama hiyo anataka kuona bei kabla ya kodi. Ukimficha, atakupigia simu kuiuliza.

Lakini angalia warsha yenyewe ni ya nani. Ni ya wenye biashara ndogo: mwenye duka la vipuri, mwenye saluni, mama anayepikia ofisi chakula cha mchana. Wengi wao hawajasajiliwa kwa VAT na hawana pa kuidai. Kwao 17,400 ndiyo bei, na hakuna nyingine.

Niliwahi kukaa kwenye meza ya usajili ya warsha ya namna hii, hapa Upper Hill. Siku ya pili, saa kumi jioni, vyeti vilikuwa ndani ya boksi, vimechapishwa majina tayari. Mama mmoja alifika kuchukua chake akaambiwa alipe 1,500 kwanza. Alifungua M-Pesa, akaangalia salio, akasogea pembeni akampigia mtu simu kwa sauti ya chini. Cheti chenye jina lake kilibaki mezani mbele yetu muda wote huo. Waandaaji waliniambia kwamba ada ya cheti ni ya hiari. Nikawauliza, katika awamu iliyopita ni wangapi waliondoka bila cheti? Hakuna hata mmoja. Kitu ambacho kila mtu anakinunua, na ambacho tangazo limekitumia kuwavuta, ni sehemu ya ada.

Hicho ndicho kipimo ninachokushauri utumie, na kinaamua karibu kila kitu. Gharama ambayo mshiriki hawezi kuikwepa iingie kwenye jumla, na jumla ndiyo iwe tarakimu ya kwanza. Mchanganuo ufuate papo hapo, kwa ajili ya mhasibu. Kile ambacho mtu anaweza kweli kukiacha, kama malazi kwa anayetoka Nakuru, kitajwe peke yake pamoja na bei yake. Na kama shirika lenu halijasajiliwa kwa VAT, ondoeni neno hilo kabisa, kwa sababu hamna ruhusa ya kuitoza.

Kuhusu hofu ya kukimbiwa, ndiyo, kuna watakaopita bila kusimama. Ila hesabu pia wale mnaowapoteza sasa bila kujua. Karani wa kampuni anaomba idhini ya 12,500 na kuipata. Ankara inakuja ya 17,400. Inabidi arudi kwa mkubwa wake kueleza, na kabla sahihi ya pili haijapatikana warsha imeshaanza. Mtu huyo hataandikwa popote kama mteja aliyepotea.

Mahali na tarehe ni gumu zaidi, na hapa nawaelewa waandaaji. Hoteli za Nairobi hutoza mikutano kwa kichwa kwa siku, yaani ukumbi, chai mara mbili, chakula cha mchana na maji kwa pamoja, na hutaka idadi ya uhakika siku kadhaa mapema. Ukiahidi watu 30 wakaja 18, mara nyingi utalipia 30. Ndiyo maana mwandaaji huogopa kujifunga kabla ya kuona malipo. Lakini "jijini Nairobi" si mahali. Anayeishi Rongai akidhani ni katikati ya mji, kisha akaambiwa jana yake jioni kwamba ni Ruaraka, ameongezewa matatu ya pili asubuhi na jioni kwa siku mbili. Kama ukumbi haujathibitishwa, sema hivyo, taja mtaa mtakaobaki ndani yake, na taja siku ya kuthibitisha.

Tarehe nayo ina uzito ambao wengi hawauoni. Waajiri hulipa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, ushuru wa mafunzo wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na wanaweza kurudishiwa sehemu ya ada ikiwa mkufunzi amesajiliwa huko. Ombi la idhini hupelekwa kabla ya mafunzo. "Wiki ya pili ya Machi" haijazi fomu hiyo.

Cheti ndipo sikubaliani na tangazo lenu hata kidogo. "Kinachotambuliwa kimataifa" na nani? Mkufunzi kusajiliwa na NITA ni jambo moja, cheti kuhesabika kama sifa ya kitaaluma ni jingine, na alama za kujiendeleza kitaaluma hutolewa na chama cha taaluma kwa mafunzo kilichoyakubali. Mtu akikaa siku mbili bila mtihani, anachopata ni cheti cha kuhudhuria. Kinafaa, kiitwe jina lake.

Mimi ningeliandika hivi:

"Warsha ya kuweka hesabu za biashara ndogo. Ada: shilingi 17,400, hakuna malipo mengine. (15,000 na VAT 2,400.) Ndani yake kuna kitabu cha mazoezi, cheti, chai na chakula cha mchana siku zote mbili. Jumanne na Jumatano, tarehe 9 na 10 Machi, saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi jioni. Mahali: Upper Hill. Jina la hoteli litatumwa kwa kila aliyejisajili kufikia tarehe 1 Machi. Cheti ni cha kuhudhuria, hutolewa kwa aliyekuwepo siku zote mbili, wala hakina alama za chama chochote cha taaluma. Tusipofikisha watu 15, au tukihamia mtaa mwingine, utarudishiwa pesa zote kwa M-Pesa ndani ya siku saba."

Sentensi ya mwisho ndiyo bosi wako ataipinga zaidi, maana ndiyo inayowafunga. Mwonyeshe kwamba idadi ya 15 mnaipanga nyinyi wenyewe, kutokana na kile hoteli inachowadai hata watu wasipofika. Pigeni hesabu hiyo kwanza, kabla ya tangazo kutoka.