Kamusi iliyonyamaza kuhusu ukili

Ijumaa jioni mpwa wangu, kidato cha kwanza, alirudi na daftari la Kiswahili lenye alama nne kwa kumi na uso wa mtu aliyedhulumiwa. Zoezi lilikuwa la wingi na ngeli. Ukili ameandika "maukili". Upawa, "mapawa". Wembe kauacha vilevile, "wembe", kama nyumba. Neno ua lilikuja mara mbili, ua la mwarobaini na ua wa makuti, naye kote ameandika "maua". Mwalimu kapiga mikasi myekundu mpaka karatasi imetoboka.

Nilikuwa nimeshajiandaa kumgombeza. Mtoto wa Tanga, amekulia Ngamiani, bibi yake anasuka mikeka mlangoni, anaandika maukili! Akaniambia, "Mjomba, mbona nimeangalia kwenye kamusi?" Akanifungulia simu. Kweli, kaangalia. Kamusi ya bure aliyoipakua inasema ukili ni nomino, ni msuko mwembamba wa kushonea mkeka. Nukta. Neno linalofuata. Wingi hamna, ngeli hamna. Hapo hasira zangu zikahama kutoka kwa mtoto zikaenda kwa aliyeitengeneza hiyo kamusi, na bado ziko huko.

Maana mtu anayefungua kamusi kutafuta neno kama ukili hakosi maana tu. Anataka kulitumia. Na huwezi kulitumia neno la Kiswahili hata katika sentensi ya maneno matatu bila kujua linavuta nini nyuma yake. Kamusi inayokupa umoja peke yake imekuuzia baiskeli bila mnyororo. Tena ubaya wake, kimya hicho kina maana mbili. Ugali hauna wingi, kwa hiyo kamusi imenyamaza. Ukuta una wingi, na kamusi imenyamaza vilevile. Msomaji atajuaje ni kimya kipi? Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, hiyo ya 2004, inaweka upatanisho kwenye mabano: u-/zi- kwa neno la aina ya ukuta, u- peke yake kwa la aina ya ugali. Herufi tatu na mkwaju. Msituambie nafasi haikutosha, kwenye simu hakuna karatasi ya kulipia.

Basi nikamchukua mpwa wangu tukatoka barazani. Mama alikuwa ameketi na ukindu wake, mwingine wa zambarau, mwingine haujatiwa rangi, bakuli la maji ubavuni, vidole vinakwenda vyenyewe. Sikumuuliza wingi wa ukili. Nilimuuliza, "Mama, umeshafika wapi leo?"

Hata hakuinua kichwa. "Kili tatu zimekwisha, huu wa nne. Hizi mbili sijazikata ncha."

Mpwa wangu akacheka. Mama akauliza tunacheka nini, hakujibiwa.

Tazameni alichotupa mama yangu, mtu aliyeishia darasa la nne na ambaye ukimtajia ngeli atadhani ni aina ya samaki. Katupa umbo la wingi, kili. Katupa "tatu", wala si "matatu" wala "mitatu". Katupa "zimekwisha", na katupa "hizi". Mashahidi wanne kwa pumzi moja, wote wanasema ZI. Na huko kwenye umoja kasema "huu". Ngeli ni U-ZI, kesi imefungwa, wala hatukufungua kitabu.

Ndiyo maana nasema msimuulize mtu "wingi wa neno hili ni nini?" Ukimuuliza hivyo, anakumbuka shule, anaanza kubahatisha, anakupa ma- kwa sababu ma- inaonekana ya heshima. Mpe vitu ahesabu. Lakini visizidi vitano. Moja mpaka tano, na nane, ndizo namba zinazofuata ngeli: kuta mbili, magonjwa mawili, miti miwili. Ukimfikisha sita, saba, tisa, kumi, hizo hazijibadilishi kwa lolote na utaondoka mikono mitupu. Mbili ndiyo nzuri kuliko zote, inasikika waziwazi.

Na kwa nini tuhangaike na wingi hata pale ambapo umoja tunao? Hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo mtoto alipopotelea. Umoja wa U ni mdanganyifu. Mti huu, ukuta huu, ugonjwa huu, unga huu. Mti wangu, ukuta wangu, ugonjwa wangu, unga wangu. Sikio halisikii tofauti yoyote. Nenda kwenye wingi: miti hii, kuta hizi, magonjwa haya, na unga ukabaki palepale. Njia nne, mlango mmoja. Kamusi iliyokupa umoja tu imekusimamisha mlangoni ikaondoka.

Ukishajua neno ni la U-ZI, umbo la wingi lenyewe halina uchawi. Angalia sauti inayofuata ile u. Ikiwa ni p, t, k, f, s, ch au sh, u inadondoka na hakuna kinachoingia: upawa pawa, ukuta kuta, ufunguo funguo, ukili kili. Ikiwa ni b, d au z, sauti ya puani, m au n, inajitokeza: ubao mbao, udevu ndevu. L inageuka kuwa nd, ndiyo ulimi ukawa ndimi. Neno likianza na w na irabu, w inaondoka inakuja ny: wembe nyembe, wimbo nyimbo, wavu nyavu. Na shina likiwa fupi, silabi moja tu, u haithubutu kuondoka, inabaki na kuwekewa ny mbele: uso nyuso, ufa nyufa, uzi nyuzi. Lakini haya yote ni baada ya kujua ngeli. Mpwa wangu alianza na umbo akitumaini ngeli itafuata, na ndivyo sote tulivyofundishwa zama zile za M-MI na KI-VI, tulipokuwa tunaambiwa kifaru ni KI-VI na huku sote tunasema kifaru anakimbia.

Sasa ua. Hili ndilo lililonifurahisha, kwa sababu kamusi ya simu imeweka maana zote mbili chini ya neno moja, namba moja na namba mbili, kama vile ni ndugu wa tumbo moja. Nikamwambia mpwa wangu, acha wingi kwanza, nipe sentensi. Akasema, "Ua limechanua." Sawa. Na huo uliozunguka choo cha jirani? "Ua umeanguka." Kisha akanyamaza, akajiona mwenyewe. Li- na u- ni watu wawili, haiwezekani wakawa na wingi mmoja. La kwanza ni LI-YA: maua yamechanua. La pili ni la U, na shina lake limebaki a tupu, silabi moja, kwa hiyo ny inakaa mbele: nyua zimeanguka. Nilimtoa mtaani kuhakikisha. Mzee mmoja anayeshona makuti nilimuuliza kazi za wiki hii, akasema amejenga "nyua mbili, moja Chumbageni". Mpwa wangu akaandika na saa.

Usipokuwa na mama wala mzee wa makuti, itabidi utafute kwenye maandishi. Fanya hivyo kwa alama za kunukuu, na chagua neno la pili kwa akili. Usitafute "kuta ya" wala chochote chenye *ya*, maana *ya* ni malaya: ni ya nyumba moja, ya miti mingi na ya magonjwa mengi. *Wa* ndiyo usiiguse kabisa. Tafuta hivi:

```
"kuta hizi"
"makuta haya"
"kuta zime"
```

La tatu litakuletea machache kwa sababu kitenzi hakikatiki hapo, andika kitenzi kizima, "kuta zimebomoka". Hizi, haya na hii ndizo zinazotenganisha. Na soma sentensi yenyewe, usihesabu matokeo tu. Ukitafuta panga utaletewa upanga wa vita katika wingi wake, panga la kufyekea ambalo wingi wake ni mapanga, na watu wanaopanga nyumba Dar.

Kuhusu maneno yanayoanza na ch sitasema mengi, ila kwa sisi tunaokula machungwa ya Muheza ni aibu kusikia "vyungwa". Chumba vyumba, chungwa machungwa, chupa chupa. Jaribu kwa "hiki, hili, hii" utamaliza.

Haya, nitakubali moja, kwa shingo upande. Yapo maneno ambayo hata kamusi nzuri haiwezi kukata shauri bila kumkasirisha mtu. Kitabu kinasema ufagio, wingi wake fagio. Nyumbani kwetu hakuna ufagio. Kuna fagio hili, na mafagio haya mawili nyuma ya mlango. Mtunga kamusi aandike lipi? Mimi ningeandika yote mawili. Yeye amechagua kutoandika lolote, na hilo ndilo silisamehi.

Jumamosi tulipiga mistari mitatu katika daftari jipya: umoja na kitenzi chake, wingi na mbili yake, ngeli mwisho. Ngeli ndiyo inayojazwa mwisho. Tulifika maneno ishirini na moja kabla ya adhuhuri, ukindu kindu zikiwemo. Alipofika uji aliuliza bibi yake, "Bibi, uji mbili inakuwaje?"

"Vikombe viwili," mama akasema. "Lete na sukari."

Kaandika U, akaacha safu ya wingi na kistari. Safu ya ufagio bado ina alama ya kuuliza. Jumatatu anampelekea mwalimu wake.