Mshale wa Kurithi Hauelekei kwa Mrithi

Wiki iliyopita kijana wa jirani yangu, anayesomea uandishi wa programu, alinionyesha mchoro wa klasi alioutengeneza kwa ajili ya mfumo wa kampuni ya mabasi. Mshale wa kurithi ulitoka klasi ya Gari ukashuka hadi Basi, na pembetatu tupu iliyo kichwani mwake ikaigusa Basi. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwa adabu kwamba mali hutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na kwamba ndivyo alivyofundishwa.

Simlaumu yeye. Nalilaumu somo lililompa neno "urithi" bila kumwonyesha mahali linapopotosha. Nyumbani urithi hushuka, lakini mshale huu hauonyeshi mali inakokwenda. Unaonyesha nani anamtegemea nani, na huanzia kwa anayetegemea. Tuutazame msimbo wenyewe wa Java:

```java
class Basi extends Gari {
    private Dereva dereva;
}
```

Maneno `extends Gari` yameandikwa ndani ya Basi, wala Gari haina hata neno moja linaloitaja Basi. Ukiifuta Basi, Gari itabaki salama. Ukiifuta Gari, kompaila itaikataa Basi papo hapo. Kwa hiyo pembetatu lazima iiguse Gari. Kipimo hichohicho kinaufaa mshale wa uhusiano: Dereva ametajwa ndani ya Basi, hivyo mstari unatoka Basi kwenda Dereva, na kichwa chake ni kile kilicho wazi, kisichofungwa kuwa pembetatu.

Kilichonisikitisha zaidi kilikuwa pembetatu ya pili, iliyotoka Dereva hadi Basi, eti kwa kuwa dereva hufanya kazi ndani ya basi. Mshale huo usomwe kwa sauti: Dereva ni aina ya Basi. Kwa vile katika mchoro wake Gari ina namba ya usajili na tendo la kujaza mafuta, dereva naye amepewa vyote viwili, na kompaila haitalalamika hata kidogo, kwa sababu kanuni za lugha hazikuvunjwa. Ni macho ya msomaji wa mchoro tu yanayoweza kulikamata kosa hilo. Basi lina dereva, leo huyu na kesho mwingine, na uhusiano huruhusu mabadiliko hayo programu ikiwa inaendelea kufanya kazi, ilhali kurithi hufungwa tangu msimbo unapoandikwa.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba watu wawili wanaojadiliana ubaoni wanaweza kuchora mstari mtupu usio na kichwa na bado wakaelewana. Pembetatu, hata hivyo, haina nafasi ya kukisiwa.

Kijana aliifuta mishale yote miwili, akaichora upya, kisha akaandika 0..1, yaani hakuna au mmoja tu, karibu na Basi. Nilimwomba aihamishie upande wa Dereva, kwa kuwa idadi huandikwa kando ya kile kinachohesabiwa.